Usinunue betri mpya ya bomba kabla hujakagua viungo vya waya

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa nyanya akiona mvua imekatika na majani yamekauka, huwa na saa chache tu za kupulizia dawa ya ukungu kabla wingu jingine halijatanda. Bomba likimgomea saa hizo, hasara haiko kwenye bomba. Iko shambani, kwenye majani yanayoanza kuweka mabaka.

Hivyo ndivyo ilivyomkuta mama mmoja mwenye shamba la nyanya karibu na Ilula, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro. Bomba lake ni la kubeba mgongoni, la lita 16, lenye pampu ndogo inayoendeshwa na betri ya volti 12. Lilikuwa likianza kazi vizuri, kisha baada ya mistari miwili mitatu linapuliza kwa unyonge, linakatika, halafu linarudi lenyewe akilitikisa. Alishabadilisha betri mara moja msimu uliotangulia. Safari hii alifika kwa fundi wa redio na simu hapo mjini akiwa amekwisha kata shauri kununua nyingine.

"Mwanangu, nipe betri tu, mvua hainisubiri," alisema akilitua bomba juu ya meza.

"Mama, nipe dakika kumi kwanza," alijibu fundi. "Betri ikiwa ndiyo mbovu nitakuambia. Ila bomba linalorudi likitikiswa, mara nyingi betri haina kosa. Kosa liko pale waya unapokutana na kitu kingine."

Dakika hizo kumi zilimwokolea mama yule bei ya betri, na zinafaa kuelezwa kwa yeyote mwenye bomba la betri, taa za sola bandani au kifaa kingine cha volti 12.

Mita inavyomtaja mwizi

Fundi alifungua kifuniko cha chini akachukua mita yake ya kupimia umeme, ile ndogo ya kawaida, akaiweka kwenye volti 20 za umeme wa betri. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.7, yaani imejaa. Kisha akamwomba kijana wake awashe bomba likiwa na maji safi, ili pampu ifanye kazi kweli. Sasa betri ilisoma 12.3. Huko kushuka kidogo ni kwa kawaida.

Alipohamishia ncha za mita kwenye pampu yenyewe, ikasoma 10.6. Kati ya betri na pampu, umbali usiofika hata mita moja ya waya, volti 1.7 zilikuwa zimepotea. Pampu iliyotengenezwa kwa volti 12 ilikuwa ikifanya kazi na chini ya 11, ndiyo maana ilipuliza kwa unyonge.

Kumtafuta mwizi kulikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Bomba likiendelea kufanya kazi, fundi aligusa ncha moja ya mita kwenye ulimi wa chuma wa betri, na nyingine kwenye shaba ya waya palepale baada ya kiungo. Mita ikionyesha karibu na sifuri, kiungo kinapitisha umeme bila kuudai ushuru. Ikionyesha namba, namba hiyo ndiyo kiasi kinachoibwa hapo. Kwenye ulimi wa chanya ilisoma 0.9. Kwenye kiungo kilichosokotwa na kufungwa tepu karibu na swichi ilisoma 0.6. Sehemu zote zilizobaki zikijumlishwa zilichukua 0.2 tu.

"Pampu hii inavuta kama ampea tatu," alieleza fundi. "Ukizidisha ampea tatu kwa 0.9 unapata karibu wati tatu. Wati hizo zote zinageuka joto kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wako. Gusa mama, utaona."

Mama aligusa, akaondoa kidole upesi. Plastiki ya pale ilikwisha badilika rangi na kuwa kahawia.

Kwa vifaa vinavyovuta ampea chache kama hivi, fundi huyu ana kipimo chake. Kiungo kinachosoma chini ya 0.05 hakiguswi. Kinachofika 0.1 kinafunguliwa na kusafishwa. Kikipita 0.2 hakihitaji mjadala, kinakatwa na kufanywa upya.

Lagi ya kuchomeka isiyolingana na ulimi

Kiungo cha kwanza kilikuwa cha lagi ya kuchomeka, ile inayosukumwa juu ya ulimi bapa wa betri bila skrubu. Ndimi za betri hizi ndogo zilizofungwa huja kwa upana wa aina mbili, milimita 4.8 na milimita 6.3. Betri ya kwanza ya mama ilikuwa na ulimi mpana. Ile aliyonunua baadaye ilikuwa na ulimi mwembamba, lakini lagi za zamani zikaachwa vilevile. Kwa macho ziliingia vizuri. Kwa kweli zilikuwa zikining'inia, zikigusa kwa upande mmoja na kucheza kila pampu inapotetemeka.

Aliyemfungia betri aliona ulegevu huo akazibana lagi kwa koleo. Hiyo ni dawa ya wiki moja. Lagi ya kuchomeka hushika kwa sababu ni chuma chenye mkunjo wa springi, na ikishapata moto springi hiyo hufa. Ukiibana tena italegea tena. Lagi nzuri inapoingia hudai nguvu ya vidole, na inapotoka hudai nguvu zaidi. Ikiteleza kama kofia kichwani, itupwe.

Fundi alikata lagi zote mbili, pamoja na kipande cha waya nyuma yake. Ndani ya ganda shaba ilikuwa imegeuka nyeusi, na sehemu nyingine ina ukoga wa kijani. Dawa za ukungu zenye shaba, zikivuja na kuingia kwenye chumba cha betri, hula waya kwa namna hiyo. Akakata kidogo kidogo mpaka akafikia nyuzi nyekundu zinazong'aa. Kufungia lagi mpya kwenye nyuzi nyeusi ni kujenga juu ya tope.

Kabla ya kuendelea alikwangua uzi mmoja kwa wembe. Zipo nyaya za bei rahisi ambazo nje ni shaba na ndani ni aluminiamu. Ukikwangua uzi na ndani ukawa mweupe, waya huo haukubali kulehemiwa vizuri, na ukiubana kwenye lagi hulegea baada ya muda. Waya wa mama ulikuwa mwekundu mpaka ndani.

Rangi ya lagi ina maana yake

Wateja wengi hudhani rangi ya plastiki ya lagi ni urembo, au nyekundu ni ya chanya. Sivyo. Rangi inataja unene wa waya. Nyekundu ni ya waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5. Bluu ni ya 1.5 hadi 2.5. Njano ni ya 4 hadi 6. Waya wa bomba hili ulikuwa wa 0.75, kwa hiyo lagi nyekundu, ya ulimi wa 4.8, ikatumika pande zote mbili, chanya na hasi.

Ukiweka waya mwembamba ndani ya lagi ya bluu, utaibana mpaka uchoke na nyuzi bado zitakuwa na nafasi. Ukilazimisha waya mnene ndani ya nyekundu, utalazimika kukata baadhi ya nyuzi ili uingie, na hapo umeupunguza waya wenyewe.

Waya ulichunwa kiasi cha milimita saba. Nyuzi zikanyooshwa bila kusokotwa sana, zikaingizwa mpaka zikachungulia kidogo upande wa pili wa mrija. Kisha likaja koleo la kubania, lile lenye vinywa vitatu vyenye alama nyekundu, bluu na njano, ambalo haliachii mpaka limefika mwisho wa kubana. Koleo la kawaida hubapaza mrija bila kuzikusanya nyuzi, na ndani hubaki nafasi ya hewa na unyevu. Koleo lenye vinywa hubana mahali pawili kwa mpigo mmoja, kwenye shaba na kwenye ganda la waya. Mbano wa pili, ule wa kwenye ganda, ndio unaozuia waya kukatikia shingoni.

Baada ya kubana fundi aliivuta lagi kwa nguvu za mkono wake. Haikutoka. "Bora itoke hapa mezani kuliko itoke shambani," alisema.

Kijana wake aliuliza kama nyuzi zingelehemiwa kwanza kisha zikabanwa, ili ziwe imara maradufu. Hili ni kosa linalofanywa na mafundi wengi wenye nia njema. Risasi ni laini. Ikikaa chini ya mgandamizo huendelea kusogea polepole kwa wiki na miezi, na lagi iliyokuwa imebana leo inakuja kulegea. Hata kwenye skrubu za kidhibiti cha sola usiweke ncha ya waya iliyopakwa risasi. Weka kijimrija kidogo cha shaba kinachobanwa kwenye ncha ya waya, au acha nyuzi zikiwa safi.

Mahali pa kulehemu na mahali pa kuacha

Kiungo cha pili, kile cha tepu karibu na swichi, kilikuwa mahali waya uliporefushwa. Hapa hapakuwa na ulimi wala skrubu. Ni waya kwa waya, na wote wawili wamelala ndani ya kiganja cha plastiki bila kuvutwa. Fundi aliamua kulehemu.

Lakini kitu cha kwanza alichochukua hakikuwa pasi ya kulehemu. Alikata kipande cha mpira wa kusinyaa, ule mrija wa plastiki unaojikunja ukipata moto, akauvisha kwenye waya na kuusukuma mbali. Kila fundi amewahi kumaliza kulehemu kiungo kizuri halafu akakumbuka kwamba mpira bado uko mezani. Hapo hakuna njia ila kukata na kuanza upya.

Ncha mbili zilipishanishwa na kusokotwa kwa uzuri, zikawekewa pasi kwa chini. Risasi ikaguswa juu, kwenye shaba, wala si kwenye pasi. Shaba ilipopata moto wa kutosha risasi iliyeyuka yenyewe ikanywewa na nyuzi. Risasi inayoyeyushwa kwenye pasi kisha ikadondoshwa juu ya waya baridi hukaa kama tone la nta: inaonekana imeshika, lakini chini yake hakuna muungano. Kiungo kizuri kina mteremko laini, na umbo la nyuzi bado linaonekana chini ya risasi. Kiungo kibaya kina donge.

Risasi yenyewe iwe ya kazi za redio, yenye utomvu katikati yake. Ile dawa ya asidi inayotumiwa kuunganisha mabati na mabomba husafisha haraka, lakini masalia yake huendelea kula waya mwembamba baada ya wewe kuondoka.

Pamoja na sifa zake, kulehemu kuna mpaka, na mpaka huo ulionekana kwenye bomba hilihili. Waya wa pampu ulikuwa umelehemiwa na mtu mwingine, na ndani ya ganda ulikuwa umekatika karibu nusu ya nyuzi zake, milimita chache tu kutoka kwenye risasi. Sababu ni kwamba risasi hupanda ndani ya waya na kuugeuza kipande hicho kuwa kigumu kama msumari. Pale ugumu unapoishia na ulaini kuanza, mtetemo wote wa pampu hukusanyika. Nyuzi hukatika mmoja baada ya mwingine, na hii ndiyo iliyokuwa sababu ya bomba kurudi likitikiswa.

Kwa hiyo kwenye pampu fundi aliondoa risasi ya zamani na kuweka lagi za kubana. Kwenye swichi aliacha kiungo cha kulehemu, ila aliufunga waya kwa kamba ya plastiki pande zote mbili ili kiungo kisicheze hata kidogo. Kanuni yake ni fupi. Waya unaotetemeka au unaofunguliwa mara kwa mara, bana. Waya mwembamba uliotulia, lehemu.

Mpira wa kusinyaa si gundi ya miujiza

Mpira uliochaguliwa ulikuwa na gundi ndani. Ipo aina mbili. Ule wa kawaida husinyaa mpaka nusu ya upana wake na kuziba mguso, lakini maji hupenya kwenye ncha zake. Ule wenye gundi, ambao kwa kawaida husinyaa mpaka theluthi moja, huyeyusha gundi yake na kujaza nafasi. Kwa kifaa kinachobeba dawa na maji, huo wa pili ndio unaostahili gharama yake.

Uliachwa upite kiungo kwa sentimita moja kila upande, ukakaushwa kwa hewa moto ya bloa ya fundi simu, kuanzia katikati kuelekea kwenye ncha ili hewa itoke. Gundi ilipochungulia kidogo mwishoni, kazi ilikuwa imekwisha. Asiye na bloa anaweza kutumia kiberiti cha gesi, akiupitisha mwali kwa mbali bila kuugusa mpira. Ukiona moshi au weusi, umeuunguza.

Mpira huo hauwezi kuponya kiungo kibovu. Waya ulioloa ukifunikwa, unyevu unafungiwa ndani na kazi ya kutu inaendelea gizani. Wala mpira haushikilii nyaya zinazovutwa. Kwanza kiungo kiwe safi, kikavu na imara, ndipo kivikwe.

Pete au panda?

Bomba lilipowashwa tena, betri ilisoma 12.3 na pampu 12.1. Mama akacheka. Kisha akasema kwamba nyumbani ana betri kubwa ya sola inayowasha taa za banda la vifaranga, na waya wake mmoja huwa unatoa cheche ukiguswa.

Tulipofika tulikuta waya mnene wa milimita za mraba 4 umeishia kwenye lagi ya panda, ile yenye mdomo wazi kama tagaa la mti, imebanwa kwenye bolti ya betri. Nati ilikuwa imelegea, na panda imetoka nusu.

Lagi ya panda ina kazi yake. Inafaa kwenye mistari ya skrubu ndani ya boksi, ambako unataka kulegeza skrubu na kuchomoa waya bila kuitoa skrubu nzima. Lakini nati ikilegea yenyewe, hakuna kinachoizuia panda kuteleza. Kwenye betri kubwa, waya wa chanya ukiteleza na kugusa upande wa hasi, betri inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo. Waya hugeuka kaa jekundu, na banda lenye maranda halihitaji zaidi ya hapo kuungua.

Hapo panahitaji lagi ya pete, ambayo hata nati ikilegea bado imevikwa kwenye bolti. Tundu la pete lilingane na bolti. Bolti hii ilikuwa ya milimita 8, basi pete ya M8, ya rangi ya njano kwa ajili ya waya wa 4. Pete ya tundu kubwa kuliko bolti hugusa kwa ukingo tu. Pete ya tundu dogo ikichongwa kwa tupa ili ipanuke, hubaki ukuta mwembamba unaokatika. Uso wa pete ukae moja kwa moja juu ya risasi ya betri, washa iwe juu yake, si katikati.

Fundi aliondoa waya wa hasi kwanza, na akaurudisha wa mwisho. Kwenye chanya, umbali wa shibiri moja kutoka betri, aliongeza fyuzi ya ampea 10, kwa kuwa taa zote za banda hazifiki ampea tano. Kabla ya hapo hapakuwa na fyuzi yoyote.

Ukienda dukani kununua lagi usitegemee jina, maana neno moja huitwa kitu tofauti kila mtaa. Nenda na kipande cha waya na ulimi au bolti unayotaka kufungia, uvijaribu hapohapo kaunta. Na ukirudi, ukishafunga, pima kiungo kikiwa kazini kama alivyopima fundi wa Ilula.

Mama yule alilipa lagi sita, mipira miwili, fyuzi na ujira wa fundi. Betri yake ya zamani, ile aliyotaka kuiacha dukani, aliibeba mgongoni kurudi shambani, na jua lilikuwa bado halijazama.